Machaguo 258 ya Nyumba Moja: Skripti Fupi na Upangaji wa Viwanja vya Uvira

Mji wa Uvira umebanwa katika ukanda mwembamba wa ardhi, safu ya milima ya Mitumba ikiwa upande wa magharibi na Ziwa Tanganyika upande wa mashariki, na kwa sababu hiyo kila kiwanja cha makazi katika mji huo kinakabiliwa na maji ya namna mbili. Maji ya kwanza hushuka kwa kasi kutoka milimani kupitia mito mifupi kama Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 Mulongwe ulifurika, ukasomba mawe na matope hadi katikati ya makazi, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Maji ya pili hayana haraka: ni ya ziwa lenyewe, ambalo mwaka 2024 lilipanda hadi karibu na kiwango kilichokumbukwa tangu 1964, likaingia katika nyumba za ufukweni na kukaa humo kwa miezi. Mwenye kiwanja anayetaka kuamua nyumba ikae wapi, jiko liwe upande gani na choo kiwekwe umbali gani, kwa kawaida huchorewa mchoro mmoja au miwili, naye huchagua kati ya hiyo bila kujua ni mingapi mingine iliyowezekana, wala kama huo aliochagua ni mzuri kweli au ni ule tu uliomjia fundi kwanza.

Hapo ndipo skripti huwa na kazi. Skripti ni programu fupi, mara nyingi ya mistari isiyozidi mia moja, ambayo huiamuru kompyuta irudie hesabu ile ile mara nyingi kwa kubadilisha namba chache. Katika upangaji wa kiwanja kazi yake ni ya hatua tatu: kuorodhesha mahali pote ambapo jengo linaweza kukaa, kuondoa mahali panapovunja masharti, kisha kupima yaliyobaki kwa vipimo vinavyolingana ili yaweze kushindanishwa. Wazo hili si geni. Mwaka 1976 William Mitchell, Philip Steadman na Robin Liggett walichapisha utafiti juu ya kuorodhesha kwa kompyuta mipangilio yote inayowezekana ya nyumba ndogo za mstatili, wakati ambapo hesabu za namna hiyo zilihitaji mitambo ya vyuo vikuu. Leo zinafanyika katika kompyuta kuukuu inayobebeka, bila mtandao, kwa muda mfupi kuliko ule unaohitajika kuiwasha, jambo lenye uzito katika mji ambao umeme wake hukatika mara kwa mara.

Ili jambo lionekane kwa ukamilifu, uchukuliwe mfano wa kiwanja chenye umbo la mstatili, urefu wa mita 30 kutoka barabara ya juu kuelekea ziwani, na upana wa mita 20. Nyumba inayotakiwa ina mita 11 kwa 8, na sharti la kwanza ni kwamba ukuta wake usikaribie mpaka kwa chini ya mita 2. Herufi `x` inahesabu mita kutoka barabarani kwenda mashariki, yaani kuteremka, na `y` inahesabu mita kutoka mpaka wa kusini kwenda kaskazini. Nyumba inaweza kulala kwa namna mbili: urefu wake ufuate mteremko, au uukate. Skripti ya lugha ya Python inayoorodhesha nafasi zote kwa hatua ya mita moja ni hii:

```python
W, H, M = 30, 20, 2
chaguo = []
for a, b in [(11, 8), (8, 11)]:
    for x in range(M, W - M - a + 1):
        for y in range(M, H - M - b + 1):
            chaguo.append((x, y, a, b))
print(len(chaguo))
```

Jibu lake ni 258: nafasi 144 za nyumba iliyolala kufuata mteremko na 114 za nyumba inayoukata. Idadi hiyo bado inavumilika, lakini hukua kwa kasi isiyotarajiwa. Likiongezwa jiko la nje la mita 6 kwa 4 na choo cha mita 2 kwa 2, kila kimoja kikipewa uhuru ule ule wa kukaa popote pasipokaribia mpaka kwa chini ya mita 2, michanganyiko inazidi milioni 50 kabla ya kuondoa ile ambayo majengo yake yanaingiliana. Ndiyo maana mpangaji mwenye uzoefu haorodheshi vyote kwa pamoja. Huanza na jengo kubwa, huchuja nafasi zake hadi zibaki chache, na ndipo huweka la pili kuzunguka hizo zilizobaki. Njia nyingine ni kuanza na hatua ya mita 2 badala ya moja, kisha kurudi kwa hatua ndogo katika sehemu zilizoonekana kufaa.

Kabla ya kuchuja, skripti inahitaji kujua urefu wa ardhi, na katika mwambao huu hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Mwinuko unaosomwa kwenye simu unaweza kukosea kwa mita kadhaa, na ramani za mwinuko za setilaiti zinazopatikana bure hazina usahihi mkubwa zaidi ya huo, ilhali tofauti kati ya chumba kikavu na chumba kilichojaa maji huko Uvira hupimwa kwa sentimita. Njia ya kuaminika ni ya mafundi waashi: mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga hujazwa maji, na kwa kuwa maji ya ncha zake mbili hukaa usawa mmoja, urefu wa mahali popote hulinganishwa na mahali pengine. Sifuri ya vipimo isiwe usawa wa bahari, ambao hakuna aliye kiwanjani anayeuona, bali alama ya maji ya mwaka 2024 iliyobaki kwenye ukuta wa jirani, yaani ule mstari wa madoa ambao wakazi wenyewe huonyesha kwa kidole. Katika kiwanja cha mfano ukingo wa barabarani uko mita 1.1 juu ya alama hiyo na ukingo wa chini uko mita 0.2 tu juu yake, hivyo ardhi hushuka sentimita 3 kwa kila mita.

Vipimo vya kushindanisha viwe vichache, na kila kimoja kijibu swali ambalo mwenye nyumba angeliuliza. Cha kwanza ni kifusi. Sakafu ikitakiwa kuwa mita 1.2 juu ya alama ya mafuriko, ili kuacha nafasi ya mawimbi na ya mwaka mbaya zaidi, basi kila mita ambayo nyumba inasogea kuelekea ziwani inadai udongo na mawe zaidi chini yake. Nyumba iliyolala kufuata mteremko ikianza mita 2 kutoka barabarani inahitaji mita za ujazo zipatazo 29, na ikisogezwa hadi mita 17 inahitaji 68. Tofauti ya mita za ujazo karibu 40 ni safari 8 za lori la mita 5, gharama inayoonekana kabla ya tofali la kwanza kuwekwa.

Kipimo cha pili ni njia ya maji ya mlimani. Mvua kubwa inapoteremka kutoka barabarani, nyumba iliyolala kufuata mteremko inaziba mita 8 za upana wa kiwanja, na ile inayoukata inaziba 11. Hata hivyo jumla ya nafasi iliyobaki si kipimo sahihi, kwa sababu vichochoro viwili vyembamba pembeni mwa nyumba vinaziba upesi kwa matawi na matope, wakati uwazi mmoja mpana unapitisha. Kwa hiyo skripti ipime uwazi mmoja ulio mpana zaidi. Sharti la mita 7 likiwekwa, nafasi 258 zinashuka hadi 166: nyumba za kufuata mteremko hupoteza tu zile zilizokaa katikati kabisa, lakini kati ya zile zinazokata mteremko husalimika 38 tu, zilizosukumwa hadi kwenye mpaka mmoja au mwingine. Hesabu hii inachukulia kwamba uzio haupo au unapitisha maji. Ukuta wa matofali uliofunga upande wa juu wa kiwanja hugeuza matokeo yote kuwa ya uongo, kwa sababu huyakusanya maji hadi utakapoanguka na kuyaachia kwa mara moja.

Kipimo cha tatu na cha nne, yaani jua na upepo, hugombana, na ugomvi wao ni wa Uvira hasa. Mji uko karibu nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana hupita karibu juu ya paa mwaka mzima, likielemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, na kuta zinazoungua ni za mashariki na magharibi. Vitabu vya ujenzi wa nchi za joto kwa hiyo hushauri kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Lakini upepo unaopoza mwambao wakati wa mchana hutoka ziwani, mashariki, na nyumba iliyopangwa kwa ajili ya jua huupokea kwa upande wake mfupi. Nyumba inayokata mteremko huupokea kwa upande mrefu, ila hulipa kwa jua la asubuhi.

Jua la jioni lina hesabu nyingine, ambayo programu nyingi za kuchora kivuli huikosea kwa sababu huchukulia kwamba upeo wa macho ni tambarare. Jua husafiri takriban nyuzi 15 kwa saa, hivyo mahali ambapo kilele cha mlima kinaonekana nyuzi 10 juu ya usawa wa macho, jua linazama dakika 40 mapema kuliko linavyozama katika hesabu ya tambarare. Pembe hiyo hupimwa kiwanjani kwa kipimapembe na uzi wenye jiwe, huandikwa kama namba moja katika skripti, na matokeo yake ni kwamba ukuta mrefu wa magharibi chini ya Mitumba huteseka kidogo kuliko ukuta kama huo katika uwanda wa Ruzizi, ambako mlima uko mbali.

Vipimo vinne vikiwa mkononi, kishawishi kikubwa ni kuvipa uzito, kuvijumlisha na kutangaza mshindi. Njia hiyo ina kasoro inayofichika. Mita ya ujazo ya kifusi haina kiwango cha kubadilishana na saa ya upepo mpaka mtu akiweke, na mara nyingi anayekiweka ni mwandishi wa skripti, siyo familia itakayolala humo. Dalili ya kasoro hiyo inapatikana kwa jaribio rahisi: uzito wa kipimo kimoja ubadilishwe kwa robo, na skripti iendeshwe tena. Mshindi akibadilika, jumla ile haikuwa imegundua chochote, ilikuwa imerudisha maoni ya mwandishi yakiwa yamevaa namba.

Njia iliyo bora inafungamana na jina la Vilfredo Pareto, mchumi wa Kiitalia, nayo huondoa tu chaguo lililozidiwa. Chaguo limezidiwa ikiwa liko jingine linalolingana nalo au kulishinda katika kila kipimo, na kulishinda waziwazi katika angalau kimoja. Hakuna uzito unaohitajika, na hakuna anayeweza kulalamika kwamba kilichoondolewa kilistahili kubaki, maadamu vipimo vyenyewe ni vya haki. Katika kiwanja cha mfano nafasi 166 zinabaki 4 tu, ambazo kwa kweli ni maumbo mawili na vivuli vyake vya kioo. La kwanza ni nyumba ya kufuata mteremko iliyobanwa kaskazini au kusini, yenye njia ya maji ya mita 10, kivuli kizuri na kifusi cha mita 29. La pili ni nyumba inayokata mteremko, yenye upepo mzuri na kifusi cha mita 25, lakini njia ya maji ya mita 7 na jua la asubuhi. Hapa kazi ya kompyuta imekwisha, na swali linalobaki ni la wenye nyumba: wanaogopa zaidi mafuriko ya mlimani au joto la chumbani?

Jambo la kusimama nalo hapa ni kwamba zote nne zimekaa mita 2 kutoka barabarani, zikiwa zimebanwa juu kabisa. Matokeo yanapojikusanya ukingoni namna hii, mara chache maana yake ni kwamba ukingo ndio mahali bora. Kwa kawaida maana yake ni kwamba kati ya vipimo vilivyoandikwa hakuna hata kimoja kinachovuta upande wa pili. Kifusi hupenda juu, na vile vingine vitatu havijali `x` kabisa, kwa hiyo hakuna kilichoizuia nyumba isipande hadi mpakani. Akiulizwa mtu anayeishi Uvira, vipimo vilivyosahaulika hutajwa mara moja. Nyumba iliyo juu kabisa ndiyo ya kwanza kupigwa na mawe ya mafuriko ya mlimani. Inafunga uso wa kiwanja, hivyo hakuna mahali pa kibanda cha biashara wala pa kuingiza gari la mchanga. Inasukuma ua, jiko na watoto wanaocheza kwenda upande wa chini, ule ule utakaolowa ziwa likipanda. Kipimo cha tano kikiongezwa, mathalani eneo la ua lililobaki upande wa barabara, nyumba zilizosogea chini kwa mita 6 au 8 zinarudi mashindanoni, na gharama ya kila mita ya ua huo inaonekana wazi kwa kifusi: mita za ujazo 2.6 kwa kila mita ya kusogea. Thamani kubwa ya skripti iko katika mwendo huu wa kuonyesha swali lililokosekana, kuliko katika orodha ya washindi.

Upande wa kisima na choo, skripti hutoa jibu kali zaidi. Mwongozo wa Sphere unaotumiwa na mashirika ya misaada unataka choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya maji hayo. Uvira ni mji ambao kipindupindu kimekuwa ndani yake kwa miongo mingi, hivyo masharti haya si mapambo. Kisima kikiruhusiwa kukaa popote mita 1 au zaidi kutoka mpakani, na katikati ya choo popote kuanzia mita 2, kwa hatua ya mita moja, yako majozi 252,909. Yanayotimiza mita 30 ni 100, yote yakiwa pembe kwa pembe. Nusu yake choo kiko juu na kisima kiko chini, na kwa kuwa maji ya ardhini huelekea ziwani, hayo 50 hayafai. Katika 50 yaliyobaki choo kiko upande wa ziwa, ambako ardhi iko chini ya nusu mita juu ya alama ya mafuriko, na ziwa likiwa limepanda haiwezekani kabisa kuchimba shimo ambalo sakafu yake iko mita 1.5 juu ya maji. Yanabaki sifuri.

Anayeandika skripti kwa mara ya kwanza huipokea sifuri kama hitilafu, na hulegeza masharti mpaka kitu kitokee: mita 30 zinakuwa 20, kisha 15. Ni kweli kwamba kwanza hitilafu inapaswa kuchunguzwa, kwa kuzima kila sharti kwa zamu ili ijulikane ni lipi linaloua majozi yote. Lakini baada ya uchunguzi huo sifuri ya hapa inasimama, na inasema kwamba kiwanja cha mita 20 kwa 30 katika ukanda huu hakiwezi kubeba kisima na choo cha shimo kwa pamoja, hata kikipangwa na nani. Maji yatoke kwenye bomba la Regideso, ambalo ni shirika la umma la maji, na choo kiinuliwe juu ya ardhi kikiwa na tangi lililojengwa kwa saruji na kutolewa uchafu kwa zamu. Tena hesabu hiyo inaona mipaka ya kiwanja kimoja tu. Shimo la jirani wa juu, lililo mita 4 nyuma ya uzio, halimo ndani yake mpaka mtu aende kulipima na kuliandika.

Kasoro hiyo ya kutazama kiwanja kimoja ndiyo inayobana njia nzima, na huonekana zaidi kwenye njia ya maji. Viwanja vitano kama cha mfano vikipangwa kimoja chini ya kingine kutoka barabarani hadi ziwani, kila mwenye kiwanja akichagua kwa uhuru nyumba ya kufuata mteremko iliyobanwa kusini au kaskazini, yako machaguo 32 ya safu nzima. Kila moja kati ya nyumba hizo, ikipimwa peke yake, ina njia ya maji ya mita 10 na imepita mchujo wote. Lakini uwazi wa kaskazini hauungani na uwazi wa kusini wa kiwanja kinachofuata, na mahali popote ambapo majirani wawili wamechagua tofauti, maji hugonga ukuta wa nyumba ya chini. Safu zenye njia isiyokatika kutoka juu hadi ziwani ni 2 kati ya 32: wote wakiwa kusini, au wote wakiwa kaskazini. Upande huo hauwezi kuamuliwa na mwenye nyumba, wala na skripti yake. Unaweza kuamuliwa siku ambayo wapimaji wa ardhi wanaweka vigingi vya safu nzima, kwa mstari mmoja unaoandikwa katika hati ya kila kiwanja kwamba mita kadhaa za upande fulani hazijengwi.